Siku kumi na moja za diski

Barua ya kusimamishwa kazi nilikabidhiwa Jumanne, tarehe 7 Novemba 2023, nikiwa bado na sare ya mapokezi mwilini. Ilikuwa na aya tatu tu. Bahasha yenye shilingi 186,500 ilikuwa imetoweka katika kasha la ofisi ya nyuma usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili. Usiku huo mapokezi nilikuwa mimi. Nikae nyumbani uchunguzi uendelee, na Jumatatu tarehe 20 nifike mbele ya kamati nijieleze.

Nilimwambia meneja palepale, kwa mdomo, "Tazameni kamera, mtaona sikuingia humo." Akanijibu kwa upole, "Tutaangalia, dada, usijali." Nikatoka nikiwa nimepumua kidogo. Ile "tutaangalia" niliibeba kama ahadi, na hilo ndilo kosa langu la kwanza.

Hoteli yenyewe iko upande wa ufukweni, Malindi, na sitaitaja jina. Wenyeji wa mji wataelewa kwamba Novemba ni wakati hoteli zinajitengeneza kwa wageni wa Desemba, na kupoteza kazi mwezi huo ni kupoteza msimu mzima.

Jioni nilikwenda Shela, Shela yetu ya Malindi, si ile ya Lamu, kwa ami yangu. Amekuwa karani wa mahakama miaka mingi kabla hajastaafu. Nilimkuta barazani na kahawa yake. Nikamsomea barua, kisha nikamwonyesha jibu nililoanza kuandika: kurasa mbili za kueleza kwamba mimi si mwizi, nimefanya kazi miaka sita, mama yangu anajulikana mji mzima.

Akaikunja karatasi akairudisha. "Mwanangu, haya utayasema tarehe ishirini. Leo una jambo jingine. Hizo kamera zinaweka picha siku ngapi?"

Sikujua. Nimekaa juu ya ile mashine miaka sita, iko chini ya kaunta karibu na miguu yangu, inavuma kama feni ndogo, na sijawahi kuuliza inakumbuka siku ngapi.

Usiku huohuo nilimpigia jirani yetu anayefunga kamera madukani barabara ya Lamu. Aliniuliza kamera ziko ngapi na kibandiko cha diski kinasemaje. Kamera nane. Kibandiko nilikikumbuka kwa sababu nilikuwa nakifuta vumbi: terabaiti 2. Akanifanyia hesabu kwenye simu. Kamera ya kawaida ya picha safi hutumia kama megabiti 2 kwa sekunde. Hiyo ni robo ya megabaiti kila sekunde, na siku ina sekunde 86,400, kwa hiyo kamera moja inakula gigabaiti 21.6 kwa siku. Nane zinakula karibu 173. Diski ya terabaiti 2, ukiiachia mashine yenyewe nafasi kidogo, tuihesabu ina gigabaiti 1,860 hivi. Gawanya, unapata siku kumi na robo tatu.

"Na ikijaa?" nikamuuliza.

"Haisimami, dada. Inarudi mwanzo inaandika juu ya zile za zamani. Hakuna mtu anayefuta. Inajifuta yenyewe."

Nilimuuliza kama si kweli kwamba kamera hurekodi pale tu kitu kinapotikisika, kwa sababu hilo ndilo tuliloambiwa kazini. Akacheka. Mashine ikipangwa hivyo hukaa muda mrefu zaidi, ni kweli, lakini kamera ya nje inayotazama mnazi wakati wa upepo haipumziki, na mjusi mmoja akilala kwenye taa ya geti usiku kucha anatosha. Nipige hesabu kana kwamba zinarekodi muda wote.

Basi nikahesabu kwa vidole. Alfajiri ya Jumapili tarehe 5, ongeza siku kumi na robo tatu, unafika Jumatano tarehe 15 usiku. Kamati ilikuwa imeniita tarehe 20. Sidhani kama kuna aliyepanga tarehe hiyo kwa ubaya. Ilikuwa ni Jumatatu tu ambayo wakubwa wote wangekuwepo. Lakini ningenyamaza hadi siku ya kujieleza, ningekuwa naomba picha ambazo zimeshaandikwa juu yake siku tano zilizopita.

Barua tuliiandika mimi na ami Jumatano asubuhi. Nilitaka kudai nipewe picha. Ami akakataa. Alisema kuna kuomba kupewa na kuna kuomba kitu kihifadhiwe, na watu huchanganya mawili hayo. Ukiomba kupewa, mwajiri ana sababu nyingi za kuchelewa: wageni wamo kwenye picha, wakili hajasema, mwenye hoteli yuko ng'ambo. Kila sababu inaweza kuwa ya kweli, na saa inakwenda. Ukiomba kihifadhiwe, humnyang'anyi siri wala humwambii akuamini. Unamwambia asiache kipotee. Kukataa hilo kwa maandishi ni kugumu kwa mtu anayesema anachunguza.

Sehemu yenyewe ya barua ilisomeka hivi:

"Naomba hoteli ihifadhi, kabla ya tarehe 12 Novemba 2023, picha za kamera ya mapokezi, kamera ya korido ya ofisi ya nyuma na kamera ya geti la wafanyakazi, kuanzia saa 20:00 Jumamosi tarehe 4 hadi saa 08:00 Jumapili tarehe 5, saa za Afrika Mashariki. Naomba zitolewe kwenye mashine yenyewe, si kurekodiwa kwa simu kutoka kwenye skrini. Naomba pia ihifadhiwe orodha ya kadi zilizofungua mlango wa ofisi ya nyuma usiku huo, daftari la kukabidhiana kadi, rekodi za kuingia kwenye mfumo wa malipo, na akaunti yangu ya barua pepe ya kazini kama ilivyo, bila kufutwa."

Saa tuliziandika kwa tarakimu za saa ishirini na nne kwa sababu ya jambo ambalo ami alisema aliliona kortini: mtu ameandika "saa tatu", akimaanisha saa tatu ya usiku kama tunavyosema sisi, na fundi akatoa picha za 03:00. Tarehe 12 tuliichagua ili kubaki na siku tatu mkononi.

Nakala zilikwenda kwa meneja na kwa afisa wa wafanyakazi. Niliipeleka mwenyewe hadi getini, nikaomba muhuri wa kupokea na tarehe kwenye nakala yangu, kisha nikaituma tena kwa barua pepe yangu binafsi. Ile ya kazini ilikuwa imeshafungwa tangu Jumanne mchana.

Mlinzi mmoja, kijana tunayeheshimiana sana, alinipigia jioni. "Dada, niseme tu, nitaingia usiku niirekodi skrini kwa simu nikutumie." Nilitamani, sitasema uongo. Ami ndiye aliyenikataza. Kijana angeingia kwenye mashine ambayo hakupewa ruhusa, naye angefukuzwa kabla yangu, na Kenya ina Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 ambayo haijali kama ulikuwa na nia njema. Na picha ya simu iliyopigwa kwenye skrini ina udhaifu wake: Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inataka kumbukumbu ya kielektroniki iambatane na cheti cha mtu anayehusika na mashine, kinachoeleza ilivyotolewa. Mlinzi wa usiku hawezi kukitoa.

Ijumaa tarehe 10 fundi wa milango alifika, na hapo bahati ilinisimamia. Vitasa vyetu vya kadi haviunganishwi na kompyuta. Kumbukumbu imo ndani ya kitasa chenyewe, na fundi huja na kifaa cha mkononi anakichomeka kwa waya kwa chini. Kile cha ofisi ya nyuma kilikuwa kinakumbuka mafunguo 200 ya mwisho, basi. Ofisi ile hufunguliwa mara kumi na tano au ishirini kwa siku, kwa hiyo nacho kilikuwa kimebakiwa na siku chache, na kila aliyeingia kuchukua karatasi ya kuchapishia alikuwa anasukuma usiku wangu nje. Hilo hata ami hakuwa amelifikiria. Sisi sote tulikuwa tunaangalia kamera.

Picha za kamera zilitolewa Jumanne tarehe 14, siku mbili baada ya siku niliyoomba, lakini bado ndani ya muda. Alhamisi tarehe 16 asubuhi niliitwa kuziangalia mbele ya afisa wa wafanyakazi. Fleshi ikachomekwa. Nikaomba tuanze na geti la wafanyakazi.

Kwenye kona ya picha saa ilisoma 22:40. Na kulikuwa na jua. Kivuli cha mwembe kimelala chini kirefu, mpishi anaingia na baiskeli, jasho linamng'aa usoni. Tukatazamana. Saa nne na dakika arobaini usiku Malindi haina jua.

Fundi alipigiwa simu, akasema yaangaliwe majira ya mashine. Ilikuwa imeachwa kwenye `GMT+08:00`, kama ilivyotoka kiwandani China. Sisi ni `GMT+03:00`. Kila saa iliyoandikwa kwenye picha ilikuwa mbele kwa saa tano. Kwa hiyo aliyetoa picha "kuanzia 20:00 hadi 08:00" kwa saa ya mashine alikuwa ametoa kwa kweli saa tisa alasiri hadi saa tisa usiku. Alfajiri yote, kuanzia saa tisa usiku hadi saa mbili asubuhi, haikuwemo kwenye fleshi. Tulikwenda kwenye mashine mbio. Picha ya zamani kuliko zote iliyobaki ilikuwa ya Jumapili tarehe 5, alasiri. Alfajiri ilikuwa imeandikwa juu yake usiku uliotangulia, Jumatano, wakati mimi nimelala.

Hili bado linaniuma, kwa sababu barua yangu ilikuwa sahihi na bado haikutosha. "Saa za Afrika Mashariki" niliandika. Sikumwomba mtu asimame mbele ya mashine, ashike simu yake kando ya skrini, na apige picha moja yenye saa zote mbili. Picha hiyo moja ingeonyesha tofauti siku ileile. Na ningeomba nusu siku ya ziada kila upande, kwani kuhifadhi saa 36 hakumgharimu mtu zaidi ya kuhifadhi 12. Jirani yangu aliponisikia alisema angekuwa yeye angeomba kitu rahisi zaidi: diski ing'olewe iwekwe kabatini, mashine ipewe nyingine. Kuizuia mashine isiandike juu ya za zamani kunawezekana pia, ila ikijaa inaacha kurekodi, na hakuna meneja atakayekubali kukaa bila kamera.

Sasa tuone kilichobaki. Orodha ya kitasa ilionyesha mafunguo mawili ya usiku ule. La kwanza saa 21:54, kadi yangu, nilipoingia kuchukua chenji ya zamu. La pili saa 04:09, kadi iliyoitwa "Akiba 2".

Mhasibu alisema mara moja, kadi ya akiba hukaa kwenye droo ya mapokezi, na mapokezi alikuwa nani? Kwenye mfumo wa malipo, bili ya wageni waliokuwa wanawahi ndege Mombasa niliichapisha 04:17. "Kwa hiyo kati ya 04:09 na 04:17," akasema, "una dakika nane."

Nilikuwa nimeshakaa na zile karatasi usiku kucha. Saa ya kitasa nayo ni saa, na baada ya ile ya kamera sikuwa naamini saa yoyote. Nikaomba tutafute tukio ambalo limo kwenye kamera na kwenye kitasa, vyote viwili. Lilikuwepo moja: kuingia kwangu mwenyewe. Kamera ya korido ilinionyesha nikigusisha kadi wakati skrini inasoma 03:05. Toa saa tano, ni 22:05. Kitasa kinasema 21:54. Kitasa kilikuwa nyuma kwa dakika kumi na moja. Fundi akaeleza kwamba betri zilibadilishwa Oktoba na saa ikawekwa kwa kukisia.

Basi 04:09 ya kitasa ni 04:20 ya kweli. Na saa 04:20, kwenye karatasi ya mashine ya kadi ambayo saa yake inafuata ya benki, mgeni alikuwa analipa mbele yangu. Nakala ilikuwa na sahihi yake. Daftari la mlinzi likaonyesha gari lao limetoka 04:31.

Orodha ya kitasa haisemi ni nani. Inasema kadi, na kadi inaweza kushikwa na yeyote. Ndiyo maana barua pepe zilikuja kuwa na uzito. Ijumaa tarehe 27 Oktoba nilikuwa nimemwandikia mhasibu, mistari miwili, kwamba "Akiba 2" haimo kwenye droo na daftari halionyeshi nani ameichukua. Hakunijibu. Nilipotaja barua hiyo nikaambiwa haionekani, kwa sababu akaunti yangu ilifutwa Alhamisi tarehe 9. Siku moja baada ya barua yangu ya kuomba isifutwe! Nilisikia magoti yananiisha nguvu.

Anayesimamia kompyuta, ambaye hakuwa ameonyeshwa barua yangu na mtu yeyote, alisema pole pole kwamba bado inarudi. Hoteli inatumia huduma ya Google ya ofisi, na huko akaunti ya mfanyakazi ikifutwa, msimamizi ana siku 20 za kuirudisha na vilivyomo. Tulikuwa siku ya saba. Ikarudi mchana uleule, na barua ya tarehe 27 ikiwemo. Nikifikiria sasa, barua yangu ilipaswa kumtaja kwa cheo yule mwenye kubonyeza, si wakubwa wake tu. Meneja hafuti akaunti. Anamwambia mtu, na mtu yule hajui kuna ombi.

Kikao kilifanyika tarehe 20. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41, ilinipa haki ya kwenda na mfanyakazi mwenzangu, nami nilikwenda na mama mmoja wa jikoni asiyeogopa mtu. Karatasi zangu zilikuwa nne. Zile kurasa mbili za kwamba mama yangu anajulikana mji mzima sikuzitoa mkobani.

Nilikuwa nimejiandaa pia na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, endapo wangeninyima kuona picha. Sura yako kwenye kamera ni data yako, na una haki ya kuiomba. Kanuni za 2021 zinampa mwenye mashine siku saba kukujibu. Lakini ni haki juu ya kile kilichopo. Haifufui kilichoandikwa juu yake, na kama hoteli ingeamua kupuuza barua yangu ya kuhifadhi, hiyo si amri ya korti. Nguvu yake ingeonekana baadaye, mbele ya jaji, pale mwajiri ambaye ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha sababu ya kumfukuza mtu angeulizwa kwa nini aliacha ushahidi upotee akiwa na barua yenye muhuri wake mwenyewe.

Nilirudishwa kazini tarehe 1 Desemba. Barua ilisema tuhuma dhidi yangu hazikuthibitika. Neno hilo, "hazikuthibitika", nimelisoma mara nyingi kuliko ninavyopenda. Kamera ya korido ingeonyesha uso wa aliyeshika "Akiba 2" saa kumi na dakika ishirini alfajiri, na picha hiyo ilikuwepo duniani hadi Jumatano tarehe 15, saa nne na nusu za usiku hivi. Aliyeichukua bahasha hajajulikana mpaka leo. Mhasibu tunasalimiana. Wapo wanaonyamaza ninapoingia chumba cha chakula.

Usiku wangu wa kwanza niliinama chini ya kaunta na simu mkononi. Saa ya mashine sasa ilikuwa sawa, dakika kwa dakika. Diski ni ileile ya terabaiti 2.